Kirotshe, Upande Gani?

"Na wewe, binti, kwenu ni wapi?"

Ndivyo Mama Geneviève alivyomuuliza Laurence zamani kidogo, Laurence alipokuwa mgeni pale Walikale, na bado anasafisha chumba alichokodi. Mama Geneviève alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuja na ndizi mbivu kwenye sahani, akasimama mlangoni, akacheka vizuri. Laurence akamjibu bila kufikiri, maana swali la namna hiyo mtu analijibu kama anavyojibu jina lake. Akasema, "Natoka Masisi, Mama. Kingi. Papa yangu ni Kabera, iko muchungaji wa ng'ombe."

Mama Geneviève akasema, "Ah. Ni vizuri." Akaweka sahani chini, akaenda. Kuanzia siku ile, salamu yake ikawa ya kichwa tu. Hakuwahi kumtukana, hakuwahi kumfanyia ubaya. Lakini mlango wake ukawa unafungwa kila Laurence anapopita, na sahani ile, Laurence alipoirudisha na jibini juu yake, ilipokelewa na mkono mmoja kama vile mtu anapokea kitu cha moto.

Tangu hapo Laurence akaanza kuliogopa swali lile. Akiwa kwenye kiti cha mashine yake ya kushona, mteja akisema, "Dada, unatokeya wapi?" alishika nguo kwa nguvu na kujibu, "Ni mbali," kisha akakanyaga mashine ipige kelele.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemuuliza na yeye akafurahi kujibu.

Aliitwa Niyonsenga. Alikuwa dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, alileta suruali iliyopasuka goti. Alisimama pale kwenye kibanda cha kushonea, kofia ya moto mkononi, akasema, "Jambo, dada. Habari ya kazi?"

"Jambo, kaka. Kazi iko. Weka hapo."

"Unaitwa nani?"

"Wewe kwanza. Ni wewe njo ulikuja."

Akacheka. "Mimi ni Niyonsenga. Watu wananiita Niyo. Niko mutoto wa Kibua, lakini wazazi wangu walitoka Masisi, walikuwa walimaji. Papa alishakufa. Mama iko. Niko Muprotestanti, na sikunywaka pombe. Nimesema yote. Sasa wewe."

Alivyosema yote hivyo kwa pumzi moja, moyo wa Laurence ulilegea. Akamwambia jina lake, na Kingi, na Papa Kabera, na ng'ombe. Akangoja uso wake ufungike kama ule wa Mama Geneviève. Haukufungika. Niyonsenga alimtazama kwa macho yale yake yenye kope ndefu, akamnyoshea mkono, akasema taratibu, "Basi nafurahi kukujua, Laurence." Mkono wake ulikuwa na vumbi la barabara. Laurence aliushika, na hakukumbuka kuuachia mpaka mteja mwingine akakohoa.

Lakini kupendana kwa watu wawili ni jambo moja, na kuingia kwa watu ni jambo lingine. Miezi ilipita, Niyonsenga akasema ni lazima Mama yake amwone. Na jioni hiyohiyo akasema lile neno lililomnyima Laurence usingizi.

"Kwa Mama, usiseme Kingi."

"Niseme nini?"

"Sema Kirotshe, kule kwa wavuvi."

Laurence alimtazama. Niyonsenga akaeleza, sauti chini. Walipokuwa bado Masisi, mwaka baba yake alipokuwa anaumwa, ng'ombe za watu ziliingia katika shamba lao la maharage zikalimaliza. Mzee alitolewa kitandani na kelele, akaliona shamba, akarudi kitandani, hakuamka tena. Walihama baada ya mazishi. "Tangu siku ile Mama akisikia mutu wa ng'ombe, mikono inamutetemeka. Si wewe ulifanya, najua. Lakini siku ya kwanza, Laurence! Akupende kwanza. Kisha tutamwambia pole pole."

"Na akiniuliza Papa yangu ni nani?"

"Sema jina lingine."

"Hapana, Niyo. Jina ya Papa siwezi kubadilisha. Mungu ataniona."

"Basi sema Kabera. Makabera ni wengi. Kilima tu njo ubadilishe."

Akakubali. Alikubali kwa sababu alimpenda, na kwa sababu mlango wa Mama Geneviève ulikuwa bado unafungwa kila asubuhi.

Siku yenyewe walipanda moto kwenda Kibua. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope jekundu, na Niyonsenga alimfundisha njia nzima, akisema juu ya bega lake.

"Jina yako?"

"Laurence."

"Unatoka wapi?"

"Kirotshe."

"Kirotshe kuko nini?"

"Kuko ziwa. Kuko hospitali."

"Voilà. Ukiulizwa zaidi, cheka tu, uangalie chini. Watasema unaona haya."

Laurence aliweka paji la uso mgongoni mwake. Alisikia moyo wa Niyonsenga ukipiga kwa haraka kupitia koti. Ndipo akajua kwamba na yeye anaogopa, na hilo halikumtuliza hata kidogo.

Nyumba ya Mama Emérita ilikuwa ya mbao, imefagiliwa vizuri, na maua mekundu kwenye kopo mlangoni. Mama mwenyewe alitoka kuwapokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Niyonsenga alisimama katikati kama inavyopasa, maana mgeni hajitambulishi mwenyewe kwa mzazi. Anatambulishwa na yule aliyemleta.

"Mama, huyu njo Laurence. Laurence, huyu njo Mama yangu."

Laurence akapiga goti kidogo, akatoa mkono wa kuume, ule wa kushoto ukashika kiwiko. "Jambo, Mama. Habari ya siku?"

"Jambo, mwanangu. Ni nzuri. Mulifika salama? Barabara haikuwasumbua?"

"Ilitusumbua kidogo, Mama. Mungu alitusaidia."

"Asifiwe. Kwenu wote ni wazima?"

"Wote ni wazima, Mama."

"Ingia, ingia. Jisikie nyumbani."

Mikono ya Mama Emérita ilikuwa migumu ya jembe, lakini ilishika vizuri, haikuharakisha kuachia. Laurence alitamani salamu iishie pale. Kama dunia ingekuwa na salamu tu, bila yale yanayofuata salamu, angekaa katika nyumba ile mpaka kufa.

Ndani alikuwa amekaa Sebarenzi, mdogo wa marehemu baba. Ndiye aliyesimama mahali pa mzee katika ukoo ule, na hakuna msichana angeingia bila kupita machoni mwake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, meno ya mbele yameachana. Alisalimiwa, akasalimu, akauliza tena habari ya barabara, akauliza tena kama kwao ni wazima. Hakuuliza jina. Nyumba yenye adabu haimuulizi mgeni mambo yake kabla hajakaa, hajanywa, na tumbo lake halijapata kitu.

Mama Emérita akaomba. Alifumba macho, akasema, "Baba yetu, tunakushukuru kwa mugeni huyu. Fungua midomo yetu tuseme yaliyo kweli, tupate kujuana mbele yako. Amina."

"Amina," akasema Laurence, akabaki amefumba macho.

Wakala ugali wa mihogo na sombe ya majani ya muhogo. Sebarenzi alichokoza kama wazee wanavyowachokoza wasichana walioletwa.

"Angalieni namna anamega kidogo! Niyo, huyu utamlisha na kijiko cha dawa."

"Papa mudogo, muache ale," akasema Niyonsenga.

"Namuacha! Ninafurahi, mimi. Bibi wa kukula kidogo ni baraka nyumbani."

Mama Emérita akacheka mkono mdomoni. Laurence naye akacheka, na kwa muda mfupi hofu ikakaa pembeni. Kisha sahani zikaondolewa, maji ya kunawa yakapita, na Sebarenzi akajifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. Laurence alijua kwamba sasa swali lile linakuja.

"Bon," akasema Sebarenzi. "Sasa tujuane. Mimi ni Sebarenzi, niko papa mudogo wa huyu. Na wewe, mwanangu, unaitwa nani?"

"Naitwa Laurence, Papa."

"Laurence. Jina muzuri. Tunafurahi kukujua. Mutoto wa nani?"

"Wa Papa Kabera."

"Na Mama?"

"Mama Umurerwa."

"Karibu sana, mutoto wa Kabera na Umurerwa. Na munatokeya wapi?"

Laurence alitazama mkeka. Upande wake wa kushoto Niyonsenga aliacha kupumua, alimsikia akiacha.

"Kirotshe, Papa."

Alifikiri atasikia "Ah," kama ile ya Mama Geneviève. Badala yake Sebarenzi akapiga paja lake kwa furaha. "Kirotshe! Mama Niyo, umesikia? Kirotshe, kwa ndugu yetu Libérata! Kirotshe upande gani, mwanangu?"

Hapo ndipo penye kazi ya maulizo, na Niyonsenga hakuwa amelifikiria jambo hilo. Mtu akikuuliza unatoka wapi, hataki jina la kijiji tu. Kijiji ni mlango. Akishaingia, atauliza upande gani, kisha kanisa gani, kisha mchungaji ni nani, kisha utamjua fulani mwenye mguu mfupi, mwenye kuuza chumvi? Anashuka hivyo ngazi kwa ngazi, bila ubaya wowote, mpaka mpate mtu mmoja ambaye mnamjua nyote wawili. Mkishampata, mnapiga kelele, mnapeana mikono, mmekuwa ndugu. Ndivyo watu wa milima ile wanavyofahamiana.

"Upande wa... wa hospitali, Papa."

"Juu ya hospitali ao chini?"

"Chini."

"Chini, karibu na ziwa! Basi munakulaka samaki za sambaza hata asubuhi!" Akacheka. "Siku hizi zinatoka?"

"Zinatoka, Papa. Kila siku."

"Kila siku? Hata mwezi ukiwa mukubwa?"

Laurence hakuwahi kukaa kando ya ziwa. Alikuwa msichana wa mlimani, wa ukungu na maziwa. Hakujua kwamba mwezi ukijaa wavuvi wa sambaza wanakaa nyumbani wakishona nyavu, maana samaki hazifuati taa zao. Akajibu kwa kutabasamu, kama alivyofundishwa, "Hata mwezi ukiwa mukubwa."

Sebarenzi alikuwa bado anacheka, lakini cheko lilibaki mdomoni tu, macho yakaliacha. Mama Emérita, aliyekuwa anakunja kitambaa cha meza, akakikunja mara ya pili kilichokuwa kimekwisha kukunjwa.

"Papa mudogo," akasema Niyonsenga haraka, "Laurence hakukaa sana kwao. Alikuja Walikale zamani."

"Si vibaya, si vibaya." Sebarenzi akatoa telefone mfukoni. "Libérata atafurahi. Aliolewa kule. Amusalimu mutoto wa kwao."

"Papa mudogo, tusimusumbue..."

"Salamu inasumbua nani?"

Alisimama karibu na nguzo ya mlango, mahali pekee penye réseau ya simu katika nyumba ile, akapiga, akaweka sauti ya juu wote wasikie. Laurence alitazama miguu yake mwenyewe. Aliomba moyoni: Bwana, ikatike. Telefone ikalia. Bwana, asiwe karibu nayo. Ikalia tena.

"Allô? Sebarenzi? Jambo, ndugu yangu!"

"Jambo, Libérata. Kuko mutoto wa kwenu hapa, alituletea furaha. Musalimiane."

Akamwekea Laurence simu karibu na kinywa. Sauti ya mwanamke ikatoka pale, yenye upendo mwingi, na kila neno la upendo lilimchoma.

"Jambo, mwanangu! Nafurahi sana. Uko mutoto wa nani?"

"Jambo, Mama. Wa Kabera."

"Kabera... Kabera wa wapi? Munakaa upande gani?"

"Chini ya hospitali."

"Ah, lakini mimi njo ninakaa chini ya hospitali! Kabera simjui. Anafanya kazi gani? Ao ni mugeni? Munaabudu wapi? Ngoja, mama yako ni nani?"

"Umurerwa."

"Umurerwa... Umurerwa mufupi, wa kuuza mafuta? Hapana, ule hana binti. Mwanangu, nisaidie. Jirani yenu ni nani?"

Laurence akafungua mdomo. Hakukuwa na jirani. Alikuwa amebaki na ziwa na hospitali, na vyote viwili vilikuwa vimekwisha. Telefone ilinguruma kidogo. Kutoka ndani yake Mama Libérata akauliza, bila ukali, "Mwanangu? Uko?"

Akamtazama Niyonsenga. Naye alikuwa anatazama kopo la maua mlangoni.

"Mama," akasema Laurence, akimgeukia Mama Emérita, si simu, "unisamehe. Mimi si wa Kirotshe. Natoka Kingi. Papa Kabera iko muchungaji wa ng'ombe."

Sebarenzi akakata simu. Mikono ya Mama Emérita, iliyokuwa juu ya kitambaa, ikaanza kutetemeka, kama alivyoambiwa. Aliificha chini ya kitenge chake.

"Kingi," akasema Sebarenzi. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka, na sasa unene wake ulijaza mlango. "Muntu anaingia nyumbani mwa watu, anakula, anaficha kilima yake. Anatafuta nini? Nani alikutuma?"

"Hakuna mwenye alinituma, Papa."

"Hapa tunaishi kwa kujuana. Muntu asiyejulikana anapelekwa kwa chef wa kijiji, anaulizwa huko. Nitamuita."

Laurence alijua maana ya kuulizwa mbele ya watu, uwanja umejaa, kila mmoja akikutazama usoni na kusema nani anamjua huyu? Hakuna pale Kibua mtu hata mmoja ambaye angenyoosha mkono, isipokuwa yule aliyekaa kushoto kwake.

"Keti, Sebarenzi," akasema Mama Emérita.

"Mama Niyo..."

"Keti. Ni mugeni wangu. Alikula kwangu."

Sebarenzi akakaa. Mama Emérita alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo, imechoka.

"Mwanangu, nisikufiche. Ungesema Kingi, ningeogopa. Ningeogopa sana. Pengine ningeingia ndani kulia. Lakini ningetoka tena, nikuulize: Kingi upande gani? Mama yako anaabudu wapi? Nilizaa mutoto wangu wa kwanza karibu na kule. Kuko wanawake wa kule walinishika mikono. Tungeshuka, tungeshuka, pengine tungemufikia mumoja wao. Sasa umenipa Kirotshe. Nikuulize nini? Tutaanzia wapi?"

Machozi yalimtoka Laurence, hakuyapangusa. Kila neno lilikuwa kweli. Alikuwa amekuja kujulikana, na alikuwa ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Ninakuomba musamaha, Mama."

"Nimesikia." Mama Emérita alimtazama kwa makini, kama mtu anayetazama mbegu kiganjani kabla ya kuipanda. "Uso wako si wa mutu wa uongo. Ulipokuwa unasema Kirotshe ulikuwa unatetemeka. Nilikuona tangu mwanzo. Basi nani alikufundisha?"

Mvua ilianza tena juu ya bati, tone hapa, tone pale.

Si Laurence wa kujibu. Aliinua macho, akamtazama Niyonsenga, naye safari hii hakuwa na pa kukimbilia. Kope zile ndefu alizozipenda, mdomo ule uliomwambia kwa pumzi moja kila kitu kuhusu yeye. Sema, Niyo. Neno moja. Sema ni mimi, Mama, niliogopa. Mama atakasirika, Papa mudogo atapiga kelele, kisha watachoka. Sema, nitakaa hapa kando yako hata wakinipeleka kwa chef.

"Niyo," akasema Mama. "Wewe njo ulimuleta. Ulijua?"

Niyonsenga alimtazama Sebarenzi, akatazama mikono ya mama yake chini ya kitenge.

"Hapana, Mama," akasema. "Na mimi aliniambia Kirotshe."

Laurence alisikia maneno yale, na hofu yote aliyoibeba tangu Walikale ikasimama mahali pamoja kifuani mwake, ikawa baridi.

Mama Emérita hakuondoa macho kwa mwanawe. "Ninakuuliza tena, Niyo. Ninakuuliza mbele ya Mungu tuliyemuomba hapa. Ulijua?"

"Sikujua, Mama."

Laurence angeweza kusema. Angeweza kumwambia Mama Emérita habari ya moto, ya tope, ya maswali juu ya bega, ya ziwa na hospitali. Sebarenzi alikuwa anangoja. Hata yeye alikuwa ameegemea mbele. Lakini mtu anayetaka kukaa na wewe maisha yote, ukimshtaki kwa mama yake ili akukubali, umempata nini?

Alisimama. Alifunga upya kitenge chake kiunoni, fundo mara mbili. Akavuka mkeka mpaka kwa Mama Emérita, akapiga goti, akatoa mkono wa kuume, wa kushoto ukashika kiwiko. Mama Emérita alitoa mikono yake chini ya kitenge, ingali inatetemeka, akaushika mkono ule kwa yote miwili. Midomo yake ilifunguka kama inayotaka kuuliza jambo.

"Laurence," akasema Niyonsenga nyuma yake. "Laurence, ngoja, mvua..."

Aliuachia mkono wa Mama taratibu, akampita Sebarenzi aliyesogeza miguu kumpisha, akatoka nje kwenye mvua, akaikamata barabara kwa miguu.